Raundi ya nne: historia ya njia fupi zenye gharama hasi

Mwaka 1956 Lester Ford, mwanahisabati wa taasisi ya RAND huko Santa Monica, California, aliandika ripoti kuhusu mtiririko wa vitu kwenye mitandao. Ndani yake mlikuwa na kanuni nyepesi ya kutafuta njia ya gharama ndogo. Kituo unakoanzia kiandikie sifuri, na vingine vyote viandikie gharama isiyo na mwisho. Kisha tafuta barabara ambayo, ukijumlisha gharama yake na ile ya kituo inakotoka, unapata kiasi kidogo kuliko kilichoandikwa inakoishia. Futa cha zamani, andika kipya. Rudia mpaka isibaki barabara ya namna hiyo.

Ford hakusema uanze na barabara ipi. Si jambo dogo hilo, kwani mpangilio mbaya unaweza kuilipua idadi ya hatua kadiri vituo vinavyoongezeka. Aliyeleta nidhamu ni Richard Bellman, naye wa RAND, katika makala aliyochapisha mwaka 1958. Kwa Bellman kazi inakwenda kwa raundi: kila raundi inapitia barabara zote. Njia isiyorudia kituo, penye vituo n, haiwezi kuwa na barabara zaidi ya n − 1, kwa hiyo raundi n − 1 zinatosha. Alfonso Shimbel alikuwa amechapisha wazo la jamaa hiyo mwaka 1955, na Edward Moore akaja na lake mwaka 1957. Jina lililobaki ni Bellman-Ford. Moore huongezwa mara mojamoja. Shimbel, aliyetangulia, ndiye anayesahauliwa zaidi.

Bellman alizungumzia muda wa safari kati ya miji, na muda hauwi hasi. Gharama inaweza kuwa hasi: lori likipata mzigo wa kubeba katika kipande fulani cha njia, kipande hicho kinalipa badala ya kula. Hapo ndipo algorithimu maarufu ya Edsger Dijkstra, iliyochapishwa mwaka 1959, inapokwama.

Chukua vituo vinne. Kutoka A hadi B ni 4, A hadi C ni 5, C hadi B ni −3, na B hadi D ni 2. Dijkstra anachagua kituo cha karibu zaidi na kukifunga moja kwa moja, kwa hiyo B inafungwa kwa 4. Anapofika C na kuona kwamba kupitia huko B ingekuwa 2, amechelewa, na D inabaki na 6 isiyo sahihi.

Sasa tumia raundi, tena kwa mpangilio mbaya kabisa: B–D, C–B, A–B, A–C. Raundi ya kwanza inaipa B 4 na C 5. D bado haijafikiwa. Ya pili inaiandikia D 6, halafu inashusha B hadi 2. Ya tatu inashusha D hadi 4. Raundi tatu kwa vituo vinne, kama Bellman alivyohesabu. Ukiongeza ya nne, hakuna kinachobadilika.

Raundi hiyo ya ziada ndiyo kipimo. Ongeza barabara ya D kwenda C kwa gharama 1, uiweke mwisho wa orodha. Mzunguko C–B–D–C unajumlisha −3, 2 na 1, yaani sifuri, na hauna madhara. Lakini punguza B–D iwe 1, jumla inakuwa −1. Sasa kila ukizunguka unapata faida ya 1, na njia fupi kuliko zote haipo tena, kwa kuwa daima unaweza kuzunguka mara moja zaidi. Baada ya raundi tatu, B ina 2, C ina 4, D ina 3. Katika raundi ya nne, C hadi B inatoa 4 − 3, na B inashuka hadi 1. Njia isiyorudia kituo isingeweza kuleta punguzo hilo, kwa hiyo mzunguko hasi upo.

Kuushika wenyewe kunahitaji daftari la pili: kila kituo kikumbuke gharama yake ya mwisho ilitoka kituo gani. Kutoka B rudi nyuma: C, kisha D, kisha B tena. Katika mtandao mkubwa kituo kilichoshuka mwishoni kinaweza kuwa nje ya mzunguko, kikiwa kinapokea tu athari zake. Dawa ni kurudi nyuma hatua n kwanza, ili uwe na hakika umeingia ndani, kisha ufuate mpaka kituo kijirudie.

Wachambuzi wa fedha za kigeni wanautumia ukaguzi huu. Kila kiwango cha kubadilishia kinageuzwa kuwa logi na kuwekewa alama ya kutoa, ili kuzidisha kuwe kujumlisha. Tuseme, kwa mfano tu, dola 1 inanunua shilingi 130 za Kenya, shilingi 1 ya Kenya inanunua 20 za Tanzania, na dola inauzwa kwa 2,500 za Tanzania. Ukizunguka na dola 1 unarudi na 130 × 20 ÷ 2,500, yaani 1.04. Kwa logi asilia, mzunguko huo ni takriban −0.04.

Lakini ukaguzi unaona tu mizunguko inayofikika kutoka ulikoanzia. Anayetaka mtandao mzima anaanza kwa kuandika sifuri kila kituo, kana kwamba kuna kituo cha kubuni chenye barabara za bure kwenda kote. Hilo haliongezi kazi ya maana. Kinachogharimu ni raundi zenyewe: vituo 1,000 na barabara 5,000 vinaweza kudai ukaguzi wa karibu mara milioni 5. Mwaka 2022 Aaron Bernstein, Danupon Nanongkai na Christian Wulff-Nilsen walionyesha njia ya kubahatisha ambayo, gharama zikiwa namba kamili, kazi yake inakua karibu sambamba na idadi ya barabara. Hata hivyo, kwa mtandao mdogo, wengi bado wanaandika zile raundi za Bellman, kwa kuwa mistari yake inaingia kwenye nusu ukurasa.