Homa ya papasi: yaondoka, yarudi

Leo tunazungumza juu ya homa iliyowatesa wasafiri wa misafara zamani. Walilala katika vibanda vya njiani, na siku chache baadaye wakashikwa na homa kali.

Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch alikusanya papasi katika vibanda hivyo, nchi ambayo leo ni Tanzania bara. Alipowapasua, aliona vijidudu vyembamba vilivyojisokota kama skrubu, hata ndani ya mayai yao. Yaani papasi huwarithisha watoto wake. Mwaka huohuo, huko Kongo mashariki, Mwingereza Joseph Dutton, aliyekuwa akichunguza jambo lilelile, aliugua homa hiyo na kufariki Kasongo mwezi wa Februari. Kijidudu kikaitwa kwa jina lake, Borelia dutoni.

Papasi hujificha katika nyufa za kuta na sakafu za udongo. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi. Ndiyo maana mtu huamka bila kumwona. Kuna pia homa ya namna hii iletwayo na chawa wa nguo, lakini hiyo hufuata msongamano, njaa na vita.

Sasa tuseme mtoto ameshikwa na homa Jumatatu: kichwa chauma, anatapika. Alhamisi anatoa jasho jingi, homa inashuka, anaomba uji. Mama anashukuru. Baada ya juma moja hivi, homa ile inarudi. Kwa nini? Mwili ulikitambua kijidudu kwa vazi lake la nje, liitwalo antijeni, ukatengeneza kinga ya kukiua. Vingi vilikufa, lakini vichache vilikuwa vimeshabadilisha vazi. Hivyo havikutambulika, vikazaana upya, mpaka mwili ukajifunza vazi la pili. Mchezo huu unaweza kurudiwa mara kadhaa.

Hapo ndipo wengi hukosea kwa kudhani ni malaria iliyokataa dawa. Kile kipimo cha haraka cha malaria, cha tone la damu kwenye kijikasha cha plastiki, hakiwezi kuonyesha kijidudu hiki. Kinachotakiwa ni damu ipakwe kwenye kioo, itiwe rangi, itazamwe kwa darubini. Na itolewe homa ikiwa juu, kwa maana homa ikishuka vijidudu huwa vichache mno na kioo huonekana safi. Kwa hiyo mama, mwambie mhudumu: homa ilianza siku fulani, ikaisha, sasa imerudi, na nyumba yetu ina papasi.

Mja mzito asikawie, kwa sababu homa hii huharibu mimba. Antibiotiki huitibu, lakini saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anaweza kutetemeka na homa kupanda ghafla, vijidudu vinapokufa kwa wingi. Afadhali saa hizo zimkute bado yuko kituoni.