Karo iliyohesabiwa mara mbili

Wiki hii hapa Kaptembwo nimeshinda na daftari la majaribio ya programu yetu ya kulipa karo, nikakumbuka M-Pesa ilivyoanza. Oktoba 2005 ilijaribiwa pamoja na Faulu, wateja walipe mikopo kwa simu. Pesa zilifika, lakini kuzilinganisha na vitabu vya Faulu kukawa kazi ngumu. Ilipozinduliwa Machi 2007, mkazo ulikuwa kutumia jamaa nyumbani pesa.

Ugumu huohuo nimeukuta kwangu. Kiwango cha IEEE 829 cha 1983 kilitaka matokeo yanayotarajiwa yaandikwe pamoja na jaribio lenyewe. Basi, jaribio la 14: mwanafunzi anadaiwa shilingi 12,000, mzazi analipa 4,500. Tunaituma taarifa ya malipo kwa seva, halafu tunairudia ileile, kwa sababu mtandao ukikatika kabla jibu letu halijafika, huweza kutumwa tena. Tarajio: deni 7,500. Tulipata 3,000! Mzazi angefurahi, mhasibu je?

```sql
ALTER TABLE malipo ADD UNIQUE (TransID);
```

Sasa deni hupunguzwa tu taarifa ikishaandikwa, na ya pili hujibiwa "imepokelewa" bila kugusa hesabu. Tukarudia: 7,500. Mstari wa kwanza sikuufuta, niliongeza mwingine chini yake, na tarehe.

Jaribio la 15, mzazi aliyekosea nambari ya mwanafunzi, bado linaanguka. Pesa zake zinapotelea hewani badala ya kungoja mhasibu. Shule zinakaribia kufunguliwa, lakini programu haitoki.