Sauti ya Hana ndani ya Wimbo wa Bikira Maria

Kila jioni Kanisa linaposali Masifu ya Jioni, tunaimba utenzi wa Bikira Maria, uliomo katika Injili ya Luka 1:46-55. Wengi wetu tunaujua kwa moyo. Hata hivyo, si rahisi kutambua kwamba ndani yake inasikika sauti ya mama mwingine, Hana mama wa Samweli, aliyeimba hekaluni Shilo katika 1 Samweli 2:1-10. Tunapenda kuonesha jinsi mwangwi huo unavyotambulika, na hasa unaongeza nini katika utenzi wa Maria.

Alama ya kwanza ni maneno yanayokwenda pamoja. Neno moja pekee halitoshi. Kwa mfano, Maria anautaja mkono wa Mungu, lakini mkono huo umetajwa mara nyingi katika Agano la Kale, kuanzia habari za kutoka Misri. Hatuwezi kusema umetoka mahali pamoja. Ila mkono ukitajwa pamoja na kutawanywa kwa adui, tunaikaribia Zaburi ya 89, mahali mambo hayo mawili yamekutana. Ndivyo ilivyo pia kwa Hana. Katika nadhiri yake, 1 Samweli 1:11, anamwomba Mungu autazame unyonge wa mjakazi wake. Katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, maneno matatu ya ombi hilo, yaani kutazama, unyonge na mjakazi, ndiyo yale yale ya Luka 1:48. Kulingana kwa namna hiyo hakuwezi kuwa bahati tu.

Hapa msomaji wa Kiswahili anahitaji uangalifu. Agano la Kale kwa kawaida hutafsiriwa kutoka Kiebrania, na Agano Jipya kutoka Kigiriki. Kwa sababu hiyo neno lililokuwa moja kwa Luka linaweza kutokea kwetu kwa sura mbili, na mwangwi ukafichika. Basi tusiishie kwenye neno. Tutazame pia alama ya pili, yaani mpangilio wa mawazo. Nyimbo zote mbili zinaanza na furaha ya mwimbaji mwenyewe katika Mungu, kisha zinapanuka hadi hali za watu wote: wenye nguvu wanashuka na wanyonge wanainuliwa, walioshiba wanapungukiwa na wenye njaa wanashiba.

Baada ya kuutambua mwangwi, inabaki kazi iliyo ngumu zaidi, yaani kuupima. Swali la kujiuliza ni hili: kama tusingemjua Hana, tungepoteza nini katika utenzi wa Maria? Jibu hupatikana hasa pale nyimbo hizo zinapotofautiana.

Hana alikuwa tasa, akidharauliwa na mke mwenza. Kwa hiyo wimbo wake unataja kinywa kilichofunguka juu ya adui zake, na tasa aliyezaa watoto saba. Maria hayachukui hayo. Yeye si tasa, wala hana mshindani wa kumjibu. Lakini neno la unyonge analichukua, na kwa Hana neno hilo halikuwa sifa ya upole wa tabia. Lilikuwa hali ya mtu aliyedharauliwa. Tukikumbuka hivyo, hatutamsikia Maria akijisifia unyenyekevu wake. Tutamsikia akisimama pamoja na wote waliodharauliwa, na ndiyo maana mwisho wa utenzi wake unawataja Israeli na uzao wa Abrahamu.

Tofauti ya pili imo katika vitenzi. Katika aya ya 6 na ya 7, Hana anasimulia mazoea ya Mungu: Yeye hushusha, tena huinua. Maria anasema ameshusha, amekweza. Kiambishi kimebadilika kutoka hu- kuwa -me-, na maana yote imebadilika pamoja nacho. Jambo ambalo Hana alilitaja kama kawaida ya Mungu, Maria analitangaza kuwa limekwisha kutendeka, ingawa Herode bado yupo kwenye kiti chake na Mtoto hajazaliwa bado. Asiyemjua Hana ataisikia sifa, lakini hataisikia imani kubwa iliyomo katika badiliko hilo dogo.

Hata hivyo, tusimpe Hana kila kitu. Mahali Maria anaposema juu ya wenye njaa kushibishwa mema, maneno yake yako karibu zaidi na Zaburi 107:9 kuliko wimbo wa Hana. Sauti zaidi ya moja zinaweza kukutana katika mstari mmoja. Tunashauri nyimbo hizi mbili zisomwe zikiwa zimefunguliwa bega kwa bega, zinazofanana ziwekewe alama kwanza, kisha msomaji akae kwa muda mrefu zaidi mahali zinapoachana.