Uchumba wa danganya toto na siri ya Freddy

Hadithi hii unaijua hata kama hujui jina lake. Watu wawili wanakubaliana wajifanye wachumba kwa sababu fulani, labda kumtia wivu mtu, kuwanyamazisha wazazi au kupata kibali cha kuishi nchini. Wanawekeana masharti, muda unapita, kisha mmoja anaanza kujiuliza: hivi mimi bado naigiza kweli? Mwisho wake tunaujua tangu ukurasa wa kumi, na bado tunasoma hadi saa nane usiku. Kwa nini?

Tuanzie mbali kidogo. Mnamo 1599 hivi, Shakespeare aliandika tamthilia ya *As You Like It*. Orlando, kijana aliyekimbilia msitu wa Arden, anatundika mashairi mitini ya kumsifu Rosalind. Rosalind mwenyewe yumo msituni humo humo, ila amevaa nguo za kiume na anajiita Ganymede. Anamwambia Orlando: mimi nitakuponya ugonjwa huo wa mapenzi, wewe njoo kwangu kila siku, uniite Rosalind, unitongoze. Orlando anakubali. Basi hapo tuna mchezo mtamu ajabu: msichana anajifanya mvulana anayejifanya yule yule msichana.

Lakini angalia vizuri. Pale mapenzi yalikuwepo kabla ya mchezo. Uongo haukuyazaa, uliwapa tu ruhusa ya kusema. Rosalind angeulizwa ana kwa ana, heshima na woga vingemfunga mdomo. Akiwa Ganymede anaweza kumhoji mwanamume, kumkaripia kwa kuchelewa, kumpima kama maneno yake ni ya moyoni au ya mashairi tu. Na mchezo unakoma pale Orlando anapomwona kaka yake amepata mchumba wa kweli, akachoka. Anasema, kwa maana yake, kwamba hawezi tena kuishi kwa kuwazia tu. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya uchumba wa uongo: unawapa watu waoga mahali pa kusema ukweli bila kuulipia.

Faida ya pili ilikuja baadaye, na mfano wangu ni riwaya ya *Cotillion* ya Georgette Heyer, iliyotoka 1953. Cotillion ni dansi ya zamani ambamo wachezaji hubadilishana wenzi, na jina hilo ni nusu ya hadithi.

Kitty Charing ni yatima anayelelewa na mzee bahili, Penicuik, katika Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 19. Mzee anatangaza kwamba atamwachia Kitty mali yake yote iwapo ataolewa na mmoja wa wajukuu wa ndugu zake. Vijana wanaitwa, baadhi wanakuja, lakini haji Jack Westruther, ambaye ndiye Kitty anampenda. Jack ana sura, ana maneno, na ana uhakika kwamba Kitty atamsubiri tu. Kitty anaudhika, anatoroka usiku wa theluji, na hotelini anamkuta Freddy Standen, mjukuu mwingine. Freddy si msomi, si shujaa, kazi yake kubwa ni kuvaa vizuri. Kitty anamsihi: jifanye mchumba wangu kwa mwezi mmoja tu, nifike London, Jack anione.

Hapa ndipo historia inaingia. Uchumba siku hizo haukuwa neno la mdomoni. Mwanamke aliweza kujitoa na watu wakanung'unika kidogo. Mwanamume akijitoa, alipoteza heshima, na angeweza kushtakiwa mahakamani kwa kuvunja ahadi ya ndoa. Sheria hiyo ilifutwa Uingereza mwaka 1970. Kwa hiyo Freddy anapokubali anajiweka mikononi mwa Kitty kabisa. Na tajiri ni yeye mwenyewe, urithi wa mzee hauhitaji. Msomaji hana hata haja ya kuambiwa kwamba huyu ni mtu mwema, mkataba wenyewe umeshamwambia.

Sasa swali gumu: hisia zinakuaje bila mwandishi kutulazimisha? Siri ya Heyer, kwa ninavyomsoma mimi, ni hii. Uchumba wa uongo unahitaji watazamaji. Mbele ya shangazi na marafiki, tabasamu lolote ni sehemu ya igizo, halithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni lile tendo la kwanza linalofanywa wakati hakuna wa kudanganywa.

Freddy anamzungusha Kitty London nzima, makanisa, makaburi, sanamu za Kigiriki, na anachoka hadi kulalamika. Hakuna mtu wa kuonyeshwa huko, lakini anaenda. Anamsaidia kuchagua nguo zinazomfaa. Kitty anapojitwika kuwasaidia wapendanao wawili watoroke wakaoane, mbio zote hizo si za igizo tena, na Freddy ndiye anayekumbuka kwamba kutahitajika kibali maalumu cha ndoa. Anakumbuka hata kwamba bibi harusi hakubeba mswaki. Mswaki! Jack angeleta farasi mweupe. Kitty mwenyewe anakuja kutambua kwamba majoka ya kuua hayapo siku hizi, lakini mikwamo midogo ya kila siku ipo tele, na Freddy ndiye wa kuinasua.

Upande wa pili, Heyer hamgeuzi Jack kuwa shetani ghafla. Anamwacha awe alivyo. Kitty anagundua kidogo kidogo kwamba Jack anamtaka rafiki yake maskini, Olivia, awe kimada tu na si mke. Macho ya Kitty yanahama taratibu, mtu mmoja akipungua huku mwingine akiongezeka, na neno "nakupenda" halisemwi hadi sura ya mwisho. Likisemwa, sisi tumeshalijua kitambo.

Linganisha na hadithi za sasa. Aibu ya kuvunja uchumba imepungua, hivyo waandishi wametafuta kifungo kingine. Katika filamu ya *The Proposal* ya 2009 ni hatari ya kufukuzwa Marekani. Katika *To All the Boys I've Loved Before* ya Jenny Han, 2014, ni shule: Lara Jean anaficha hisia zake kwa kijana aliyekuwa mpenzi wa dada yake, Peter anataka kumtia wivu mpenzi wake wa zamani, nao wanaandikiana mkataba wenye masharti. Mkataba ni ufundi mzuri, kwa sababu kila sharti linalovunjwa ni hatua ambayo msomaji anaweza kuihesabu.

Zinazochosha nazo utazijua haraka. Sababu ya uongo ikiisha katikati ya kitabu na bado wawili hao wanaigiza, mwandishi amelala. Wakigombana karibu na mwisho kwa jambo ambalo sentensi moja ingelimaliza, amelala tena. Na kama mapigo ya moyo yote yanatokea mbele ya watu, kwenye sherehe na mabusu ya kulazimishwa, basi tumeonyeshwa igizo tu, mapenzi hatujayaona.

Kwa hiyo ukishika riwaya ya namna hii, ruka busu la kwanza. Tafuta mswaki: ni ukurasa gani ambapo mmoja alimfanyia mwenzake jambo dogo, hakuna aliyekuwa anaangalia, na hakulitaja? Ukiupata, endelea kusoma. Kama haupo, rudisha kitabu rafuni, ulale mapema.