Bima ya mshauri: Dai likija leo kwa kazi ya 2022, nani analipa?

Mhandisi mshauri anayekaribia kuhuisha bima yake kwa kawaida huuliza bei kwanza. Swali la maana zaidi ni hili: mkataba unaamshwa na nini, tukio au dai?

Bima inayofuata tukio huangalia madhara yalitokea lini. Mgeni akiteleza ofisini kwako Mei 2024 na kukushtaki miaka miwili baadaye, anayehusika ni aliyekukatia bima Mei 2024, hata kama mlishaachana. Ndiyo maana mikataba hiyo ya zamani haitupwi. Bima ya dhima kwa umma mara nyingi iko hivi.

Bima ya dhima ya kitaaluma, ile inayogusa ushauri na michoro yako, kwa kawaida hufuata dai. Inayojibu ni ile iliyo hai siku barua ya madai inapokufikia, si iliyokuwepo ulipochora. Ila ina mpaka: tarehe ya kurudi nyuma. Kazi iliyofanyika kabla ya tarehe hiyo haimo.

Chukua mfano. Mshauri alichora ukuta wa ghala mwaka 2022. Bima yake huisha kila Juni 30, na tarehe yake ya kurudi nyuma ni Julai 1, 2019. Novemba 2024 mteja anamtumia picha ya ufa. Mshauri anaona ni jambo dogo, ananyamaza. Julai 2025 anahamia kampuni nyingine yenye bei nafuu. Septemba inakuja barua ya wakili.

Kampuni ya zamani inasema dai limekuja mkataba ukiwa umeisha. Mpya inasema tarehe yake ya kurudi nyuma ni Julai 1, 2025, na ukuta ni wa 2022. Hapo jamaa amebaki katikati, na alilipa bima miaka yote!

Ule unafuu wa bei ulitoka hapo hapo: kampuni mpya haikubeba kazi zake za nyuma.

Kuna milango miwili aliyoipita. Kwanza, angemwambia dalali wake tarehe ya 2019 ihamie kwenye mkataba mpya, na aione imeandikwa, si kuahidiwa kwa simu. Pili, angeripoti ule ufa kwa maandishi kabla ya Juni 30. Mikataba mingi ya aina hii inaruhusu kuripoti jambo linaloweza kuzaa dai. Likija baadaye, huhesabiwa kwenye mkataba ule wa zamani. Mlango wa pili ndio muhimu zaidi hapa, kwa sababu hata tarehe ya 2019 ingehamishwa, kampuni mpya ingeweza kukataa ufa aliokuwa akiujua na hakuutaja kwenye fomu.

Kwa anayefunga ofisi au kustaafu, kuhuisha hakupo tena lakini madai bado yanaweza kuja. Huyo aulize bei ya muda wa ziada wa kuripoti, kabla mkataba haujaisha. Muda huo hupokea madai mapya ya kazi za zamani tu.