Kujazia na kufumua

Ofisini tunasema "kubakifili", na kila mtu anaelewa: programu ilikuwa na kosa, kosa limesahihishwa, sasa tarehe zilizopita zirudiwe ili hesabu zake zikae sawa. Nilipoombwa kuandika mwongozo wa kazi hii kwa Kiswahili, niliandika haraka "kujaza nyuma" nikaendelea. Neno lenyewe la Kiingereza limetoka kwa wajenzi. Ukishachimba mtaro na kulaza bomba, unarudisha udongo mahali pake na kuushindilia tabaka kwa tabaka. Shimo lipo, udongo upo, unajaza.

Baadaye nililifuta. Tatizo la "kujaza" ni kwamba linadhani kuna shimo. Siku ambazo programu ilikuwa mbovu kwa kawaida hazina shimo lolote. Zimejaa, ila zimejaa kitu kisicho sahihi, na ukimwaga kilicho sahihi juu yake utapata vyote viwili kwa pamoja. Nitaeleza kwa kisa kilichonifundisha, kwa sababu kimebeba karibu kila mtego wa kazi hii.

Kampuni niliyokuwa nikiihudumia ina sheli arobaini, na kila usiku programu inajumlisha lita zilizouzwa katika kila sheli kwa siku iliyoisha, kisha inazidisha kwa bei. Tarehe 1 Machi 2024 programu ilihamishiwa kwenye seva mpya, na saa ya seva ile ilikuwa ya UTC, iliyo nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Hakuna aliyeona. Siku ya programu, badala ya kukatwa saa sita usiku, ikawa inakatwa saa tisa usiku. Mauzo ya usiku wa manane, kuanzia saa sita hadi saa tisa, yakawa yanahesabiwa katika siku iliyotangulia.

Kosa la namna hii hujificha vizuri. Chukua sheli ya Chalinze, ambako malori husimama usiku kucha. Tarehe 1 Machi, kati ya saa sita na saa tisa usiku, iliuza lita 1,900. Kutoka hapo hadi siku ilipoisha iliuza lita 9,600. Siku nzima, kwa hiyo, ni lita 11,500. Programu iliziacha zile 1,900 za mwanzo na kuokota 2,100 za usiku uliofuata, ikatoa 11,700. Tofauti ni lita 200, na nani atashtuka? Usiku mmoja hufanana na mwingine, basi kinachoingia kimakosa karibu kinalingana na kinachotoka kimakosa.

Kilichotufichua ni bei. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, nazo huanza kutumika Jumatano ya kwanza, dakika moja baada ya saa sita usiku. Mwezi ule Jumatano hiyo ilikuwa tarehe 6. Mafuta yaliyouzwa usiku huo kabla ya saa tisa yaliuzwa kwa bei mpya, lakini programu iliyaweka kwenye tarehe 5 na kuyapigia bei ya zamani. Fedha zilizokabidhiwa na wauzaji zikakataa kulingana na hesabu. Mhasibu alipofunga nusu ya mwezi, asubuhi ya tarehe 18, alikuja na karatasi yenye mistari miwili iliyopigiwa wino mwekundu: tarehe 5 na tarehe 6.

Saa ilirekebishwa kabla ya adhuhuri. Mkubwa wetu akasema, kwa nia njema kabisa, "Basi rudieni kuanzia tarehe 5, ndiko kwenye shida."

Hapa ndipo penye mtego wa kwanza. Tukianza tarehe 5, programu iliyopona itachukua tarehe 5 kuanzia saa sita usiku, kama inavyotakiwa. Lakini tarehe 4, ambayo hatuigusi, bado imeshikilia mauzo ya usiku huo huo hadi saa tisa. Saa tatu hizo zitahesabiwa mara mbili, kwa sheli zote arobaini, na safari hii ni sisi wenyewe tutakaokuwa tumeliingiza kosa. Kosa linalosogeza mpaka wa siku haliwezi kurekebishwa kuanzia katikati. Ni lazima urudi mpaka mahali ambapo upande wa nyuma ulikatwa sawasawa. Kwetu mahali hapo palikuwa usiku wa kuamkia tarehe 1, kwa sababu tarehe 29 Februari ilijumlishwa na seva ya zamani na ikakatwa saa sita. Kwa upande wa mbele, siku ya mwisho yenye kosa ilikuwa tarehe 17. Tarehe 18 ilikuwa bado haijaisha na ingejumlishwa na programu iliyopona. Siku za kurudia zikawa kumi na saba, wala si tarehe mbili zilizopigiwa wino.

Mtego wa pili ndio uliobadilisha neno langu. Kila siku katika hizo ilikuwa na mistari arobaini kwenye jedwali. Programu ya kila usiku inaongeza mistari tu, maana imezoea kukuta siku mpya ikiwa tupu. Ukiirudisha tarehe 5 itaongeza arobaini mingine, na ripoti ya mwezi itaonyesha mauzo mara mbili. Fundi cherehani anayeletewa shati lililoshonwa kombo hashoni mshono mpya juu ya ule wa zamani. Anafumua kwanza. Kwenye jedwali, kufumua ni hivi:

```sql
BEGIN;
DELETE FROM mauzo_ya_siku
 WHERE siku = DATE '2024-03-05';
INSERT INTO mauzo_ya_siku (siku, kituo, lita)
SELECT DATE '2024-03-05', kituo, SUM(lita)
  FROM mauzo
 WHERE (muda AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date
       = DATE '2024-03-05'
 GROUP BY kituo;
COMMIT;
```

`BEGIN` na `COMMIT` hazipo kwa mapambo. Umeme ukikatika baada ya kufuta na kabla ya kuandika, hifadhidata itarudisha mistari ya zamani, na hakuna msomaji atakayeikuta siku ikiwa tupu. Tena, ukiiendesha mara tatu kwa bahati mbaya, jibu ni lile lile la mara ya kwanza. Sifa hii ya kurudiwa bila kuzidisha ndiyo ninayoitafuta kabla ya kugusa tarehe yoyote ya zamani. Naijaribu kwa siku moja: naiendesha, naandika jumla kwenye karatasi, naiendesha tena. Jumla ikibadilika, nasimama hapo hapo.

Angalia pia kwamba tarehe imeandikwa wazi. Programu yetu ya awali ilisema `CURRENT_DATE - 1`, yaani jana. Programu ya aina hiyo, ukiiendesha mara kumi na saba, itakujumlishia jana mara kumi na saba. Bei nayo ni vivyo hivyo. Ikiwa programu inachukua bei ya leo badala ya bei iliyokuwa ikitumika siku husika, tarehe 1 hadi 5 zitapigiwa bei iliyoanza tarehe 6. Siku ya zamani lazima ihesabiwe kwa vitu vya siku hiyo.

Ndiyo maana sasa natumia maneno mawili. Siku ambayo haikuhesabiwa kabisa, labda kwa kuwa seva ilizimika, *inajaziwa*. Siku iliyohesabiwa vibaya *inafumuliwa*. Kiingereza kinayafunika yote kwa neno moja, na nimeona watu wazuri wa kazi wakipotea hapo. Airflow, programu ya kupanga kazi za data iliyoanzia Airbnb mwaka 2014, nayo inabidi iulize swali hili hili kwa mlango wa pembeni. Katika toleo lake la 3 unaandika:

```
airflow backfill create --dag-id mauzo_ya_siku \
  --from-date 2024-03-01 --to-date 2024-03-17 \
  --max-active-runs 1 --reprocess-behavior completed
```

Neno la mwisho, `completed`, ndilo kufumua: rudia hata siku zilizokwisha kukamilika. Usipoliweka, Airflow inachukulia kwamba unajazia. Itaziruka siku zote zilizokwisha kuendeshwa na kukuambia kazi imekwisha, huku lita za Chalinze zikibaki 11,700. Hata ukiliweka, Airflow haikufutii mistari. Inaiita tu kazi yako upya, na kufumua kwenyewe ni juu ya ile `DELETE`.

Kwenye `--max-active-runs 1` kuna jambo jingine, nalo ni wale wanaopokea. Kila mara programu inapomaliza siku, hutuma vitu vitatu kwa kila sheli: ujumbe wa simu kwa msimamizi, ingizo kwenye mfumo wa uhasibu, na oda ya mafuta ikiwa tangi limepungua. Siku kumi na saba mara sheli arobaini ni mara 680. Fikiria wasimamizi wakiamshwa usiku na ujumbe kumi na saba kila mmoja, na bohari ikipokea oda za matangi yaliyokwisha kujazwa wiki mbili nyuma. Kupunguza kasi, siku moja baada ya nyingine, kunausaidia mfumo wa uhasibu usizidiwe. Hakusaidii chochote kwa oda, kwani oda ya tarehe 5 ikifika taratibu bado ni oda ya uongo.

Kwa hiyo tulitenganisha kuhesabu na kutuma. Ujumbe na oda vilizimwa kabisa kwa tarehe zote zinazofumuliwa, maana vyote viwili huhusu hali ya sasa. Kwa uhasibu haikuwezekana kunyamaza, wala kufuta, kwa sababu kitabu cha hesabu hakifumuliwi. Ingizo lililokwisha kuandikwa hubaki, na unaloruhusiwa ni kuandika sahihisho chini yake. Tukatuma tofauti tu: Chalinze, tarehe 1, pungufu lita 200. Kila sahihisho lilikuwa na namba yake, kama `CHZ-2024-03-01-2`, na mfumo ule ulipangwa kukataa namba iliyokwisha kupokelewa. Mtandao ulipokatika katikati ya tarehe 9, tuliituma tarehe nzima upya bila woga. Zilizokwisha kufika zilikataliwa, zilizobaki zikaingia.

Tuliendesha siku nne nne kila jioni na kusimama saa nne usiku, ili kazi ya kawaida ya siku iliyoisha ikute njia nyeupe. Jioni ya mwisho tulimalizia siku tano.

Uthibitisho haukutoka kwenye programu. Kila sheli husoma mita za pampu saa sita usiku na kuandika kwenye daftari la zamu. Mita haijui UTC. Nilichukua usomaji wa saa sita usiku tarehe 29 Februari ilipoisha, na wa saa sita usiku tarehe 17 Machi ilipoisha, nikatoa. Kabla ya kufumua, jumla ya Chalinze kwa siku hizo kwenye jedwali haikulingana na mita, kwa sababu lita 1,900 za usiku wa kwanza hazikuwa mahali popote, si Februari wala Machi, huku za usiku wa kuamkia tarehe 18 zikiwa zimeingizwa tarehe 17. Baada ya kufumua zililingana. Mhasibu alizipitia sheli zote arobaini kwa namna hiyo hiyo, akiweka alama kwa penseli, na pembeni ya kila tarehe kwenye daftari lake akaandika neno moja: imefumuliwa.