Ikisiri ya tasnifu

Ikisiri ni muhtasari unaotangulia tasnifu na kueleza lengo, mbinu, matokeo na hitimisho. Vyuo vingi huiwekea kikomo, mara nyingi maneno 300, bila marejeleo wala majedwali. Eneo la Thika na Ruiru, lenye Chuo Kikuu cha Mount Kenya na Zetech, ni mahali pazuri pa kuchukulia mfano.

Tuseme mwanafunzi amechunguza lugha za mabango ya biashara katika miji hiyo miwili. Rasimu yake ina maneno 410, na 150 kati ya hayo yanasimulia historia ya Thika. Hapo ndipo pa kukata: sentensi moja ya usuli yatosha. Mbinu humalizika kwa mbili: mabango 120 yalipigwa picha, yakaainishwa kwa lugha. Nafasi iliyobaki ni ya matokeo hasa.

Kosa linalojitokeza sana ni wakati wa kitenzi. “Utafiti huu utachunguza” ni mabaki ya pendekezo. Kazi ikiisha huandikwa “ulichunguza”. Baya zaidi ni “matokeo yamejadiliwa”, sentensi isiyotaja tokeo lolote. Badala yake iandikwe: “Mabango 70 kati ya 120 yalichanganya Kiswahili na Kiingereza.”

Katika hesabu ya maneno, Kiswahili kina nafuu yake. “Waliohojiwa” ni neno moja tu, ingawa vihusishi kama “ya” na “kwa” navyo huhesabiwa. Ikisiri huandikwa mwisho, ijapokuwa husomwa kwanza.